Jedwali la hojaji limekuja kwa picha: tafuta jibu la kati na modi, kisha onyesha majibu yalivyogawanyika

Picha imeingia kwenye simu. Karatasi ina kunjo katikati, kona moja imemezwa na kivuli cha mkono wa aliyepiga, na chini yake kuna ujumbe mfupi: "Naomba wastani wa kila swali." Jedwali lenyewe ni la majibu ya hojaji, yale ya "nakataa kabisa" mpaka "nakubali kabisa", na kila kisanduku kina idadi ya watu waliochagua jibu hilo.

Nimepokea maombi ya namna hii mara nyingi, na siku hizi kabla ya kukokotoa chochote humuuliza aliyetuma: unataka kujua nini hasa? Karibu kila mara anataka kujua watu walisemaje. Kwa swali hilo, wastani ni kifaa kibovu. Mwongozo huu unaonyesha njia nyingine tangu picha inapofunguliwa mpaka jibu linaporudishwa. Jedwali ninalotumia nimelitunga kwa ajili ya maelezo haya. Ni tathmini ya mafunzo, waliojaza ni watu 47, na hivi ndivyo linavyosomeka baada ya kunyooshwa:

| Kauli | Nakataa kabisa (1) | Nakataa (2) | Sina upande (3) | Nakubali (4) | Nakubali kabisa (5) | Jumla |
|---|---|---|---|---|---|---|
| A. Maelezo yalieleweka | 2 | 4 | 7 | 23 | 11 | 47 |
| B. Muda ulitosha | 17 | 5 | 2 | 6 | 17 | 47 |
| C. Vitini vilinisaidia | 3 | 6 | 29 | 5 | 4 | 47 |
| D. Mafunzo yalinichosha | 19 | 15 | 6 | 4 | 2 | 46 |

Hatua ya 1: soma vichwa vya safu kabla ya namba

Namba 1 hadi 5 hazina maana yoyote mpaka ujue zimepewa maneno gani. Kuna hojaji zinazoanza na "nakubali kabisa" upande wa kushoto na kuipa 1. Ukidhani ni kinyume chake, kila kitu utakachoandika baadaye kitakuwa kimegeuka kichwa chini, na hakuna hesabu itakayokustua, kwa sababu namba zenyewe zitakuwa sahihi. Kama kichwa cha safu kimekatwa kwenye picha, omba picha nyingine. Usikisie.

Angalia pia kama kuna safu ya sita: "sijui" au "hainihusu". Hiyo haimo kwenye ngazi. Aliyesema hajui hajasimama juu ya "nakubali kabisa" wala chini ya "nakataa kabisa", kwa hiyo idadi yake inatajwa pembeni na haiingii kwenye hesabu ya jibu la kati. Usiichanganye na "sina upande", ambayo ni jibu kamili la mtu aliyepima pande zote mbili akabaki katikati.

Halafu soma kauli zenyewe. Kauli D katika jedwali letu imeandikwa kwa upande hasi. Aliyeikataa ameyasifu mafunzo. Wengi huruka jambo hili, kisha wanashangaa kwa nini swali moja "limefanya vibaya" kuliko mengine.

Hatua ya 2: nakili namba na uziulize jumla zake

Ikate picha ibaki jedwali peke yake, inyooshe, ikuze, kisha soma mstari mmoja mmoja huku umeifunika mistari mingine kwa karatasi. Picha iliyopigwa kwa upande hufanya mistari iteremke kidogo kadiri jicho linavyokwenda kulia, na bila kujua unaanza kwenye mstari wa B unamalizia kwenye C. Kosa hilo ni baya kuliko la tarakimu moja, kwa sababu mistari yote miwili inaharibika kwa pamoja.

Baada ya kunakili, jumlisha kila mstari mwenyewe, halafu linganisha na safu ya jumla iliyo kwenye picha. Kama 7 ya mstari A iliandikwa kwa mkono ikafanana na 1, utapata 2 + 4 + 1 + 23 + 11 = 41, na safu ya jumla inasema 47. Zinapungua 6, ambayo ndiyo tofauti kati ya 7 na 1. Basi umejua kosa na umejua liko wapi. Tarakimu nyingine zinazopotoshana ni 3 na 8, na 0 na 6.

Mstari D una jumla ya 46, wakati mingine ina 47. Je, hilo nalo ni kosa la kusoma? Jumlisha: 19 + 15 + 6 + 4 + 2 = 46. Visanduku vinakubaliana na jumla iliyoandikwa, kwa hiyo maelezo yanayoelekea kuwa ya kweli ni kwamba mtu mmoja hakujibu kauli hiyo. Acha 46 kama ilivyo. Usimwongeze mtu ili mistari ifanane, na usimhesabu asiyejibu kuwa "sina upande".

Ikiwa safu ya jumla haipo, au imemezwa na kivuli, na tarakimu moja inabaki na shaka, fanya hesabu mara mbili, kila mara kwa usomaji mmoja. Mstari A ukiwa na 7 au ukiwa na 1, jibu la kati linabaki "nakubali", kama utakavyoona tukifika huko. Katika hali hiyo unaweza kutoa jibu kwa ujasiri, ukitaja kwamba tarakimu moja haikusomeka vizuri. Jibu likibadilika kwa usomaji mmoja, hapo huna jibu mpaka upate karatasi yenyewe.

Hatua ya 3: kwa nini wastani unawekwa kando

Rensis Likert, Mmarekani aliyekuwa mtaalamu wa saikolojia, alieleza mwaka 1932 mbinu yake ya kupima mitazamo kwa majibu ya ngazi kama haya. Mwaka 1946 Mmarekani mwingine, Stanley Smith Stevens, aliainisha vipimo kwa aina, na mojawapo ni kile kipimo kinachotoa mpangilio tu: tunajua kipi kiko juu ya kipi, hatujui kimekipita kwa kiasi gani. Jibu moja la hojaji liko hapo. "Nakubali kabisa" iko juu ya "nakubali". Lakini je, hatua ya kutoka "nakubali" kwenda "nakubali kabisa" ni sawa na ile ya kutoka "sina upande" kwenda "nakubali"? Hakuna aliyeipima. Wastani unajumlisha na kugawanya kana kwamba hatua zote zimekatwa kwa rula moja.

Maneno hayo yanaweza kuonekana kama ubishi wa darasani, kwa hiyo tuyajaribu kwenye jedwali. Wastani wa B ni huu: (17×1 + 5×2 + 2×3 + 6×4 + 17×5) ÷ 47, yaani 142 ÷ 47, sawa na 3.02. Wa C: (3×1 + 6×2 + 29×3 + 5×4 + 4×5) ÷ 47. Nayo ni 142 ÷ 47, ni 3.02 ileile. Ukitoa ripoti ya wastani, muda na vitini vimepata alama sawasawa.

Sasa tuseme aliyetunga hojaji aliona "nakubali kabisa" ni msimamo mzito, akaipa 7 badala ya 5. Mpangilio haujavurugika, kwa kuwa 7 bado iko juu ya 4. B inapanda hadi 176 ÷ 47, yaani 3.74, na C inafika 150 ÷ 47, yaani 3.19. Muda umevishinda vitini. Mwingine aone "nakataa kabisa" ndiyo nzito, aipe −1 badala ya 1, huku 5 ikibaki 5. B inashuka hadi 2.30, C inakuwa 2.89. Sasa vitini vimeushinda muda. Watu ni walewale na majibu ni yaleyale. Kilichobadilika ni namba tulizobandika juu ya maneno, na mshindi akabadilika nazo.

Jibu la kati na modi haziyumbi kwa mabadiliko hayo, kwa sababu moja hutazama aliyesimama katikati ya foleni ya waliojibu na nyingine hutazama jibu lililochaguliwa na wengi zaidi. Hakuna inayojali pengo kati ya namba lina ukubwa gani.

Niwe mkweli hapa: watu wengi wenye elimu yao huchukua wastani, na si wote wanaokosea. Likert mwenyewe alikuwa akijumlisha alama za kauli nyingi zinazopima mtazamo mmoja, na jumla ya kauli nyingi za namna hiyo hukaribia kutenda kama kipimo cha kweli kuliko jibu la kauli moja. Ukiwa na kauli kumi kuhusu jambo moja, zilizojaribiwa na kuonekana zinakwenda pamoja, wastani wa jumla zake una utetezi. Jedwali letu si hivyo. Maelezo, muda, vitini na uchovu ni mambo manne tofauti, kila moja lina kauli moja, na mojawapo imegeuzwa. Kuyachanganya ili upate "alama ya mafunzo" ni kutengeneza namba isiyo na mwenyewe.

Hatua ya 4: tafuta jibu la kati

Wapange waliojibu kwenye foleni, kuanzia anayekataa kabisa hadi anayekubali kabisa, kisha mwulize aliyesimama katikati amejibu nini. Hilo ndilo jibu la kati, ambalo wengine huliita mediani. Watu wakiwa 47, wa katikati ni wa 24, kwa sababu mbele yake wako 23 na nyuma yake 23. Kanuni yake ni (n + 1) ÷ 2, ambapo n ni idadi ya waliojibu.

Kumpata wa 24, jumlisha visanduku kutoka kushoto huku ukiendelea kulimbikiza. Mstari A: 2, halafu 6, halafu 13, halafu 36. Kufikia "sina upande" tumehesabu watu 13 tu, na kufikia "nakubali" tumeshapita 24. Kwa hiyo wa 24 amo kwenye "nakubali". Mstari C: 3, 9, 38. Wa 24 amo kwenye "sina upande".

Mstari D una watu 46, idadi shufwa, kwa hiyo katikati wamesimama wawili, wa 23 na wa 24. Malimbikizo ni 19, kisha 34, na wote wawili wamo kwenye "nakataa". Hapo hakuna tatizo. Tatizo hutokea wawili hao wakiangukia majibu tofauti, mmoja "sina upande" na mwenzake "nakubali". Programu itakupa 3.5. Kwenye hojaji hakuna jibu la 3.5, na kuandika hivyo ni kuurudisha wastani kwa mlango wa nyuma. Andika tu kwamba jibu la kati liko mpakani, kati ya "sina upande" na "nakubali".

Ukitumia lahajedwali, weka visanduku vya mstari A kwenye B2 hadi F2, kisha andika fomula hii kwenye H2 na uivute hadi L2:

```
=SUM($B2:B2)
```

Safu ya kwanza ambamo limbikizo limefika 24 au kupita ndiyo yenye jibu.

Kuna kosa moja hapa ambalo nimelikuta kwenye ripoti zilizokwisha kuchapwa. Mtu anaandika `=MEDIAN(B2:F2)` juu ya visanduku vya idadi. Programu haijui kwamba hizo ni idadi za watu. Inazipanga zenyewe, inatoa ya katikati. Kwa mstari A inatoa 7, na angalau hapo mtu makini atashtuka, maana ngazi yetu inaishia 5. Kwa mstari C idadi zikipangwa ni 3, 4, 5, 6, 29, na programu inatoa 5. Hiyo inaonekana halali kabisa. Mtu anaandika kwamba jibu la kati kuhusu vitini ni "nakubali kabisa", wakati waliojibu hivyo ni wanne kati ya 47. `MEDIAN` hufanya kazi pale tu unapokuwa na majibu ya mtu mmoja mmoja, kila seli ikiwa na 1, 2, 3, 4 au 5. Na hata hapo, asiyejibu aachwe na seli tupu. Ukimwandikia 0, programu itamweka mwanzo wa foleni kama mtu aliyekataa kuliko wote.

Picha nyingine huja na asilimia bila idadi. Hilo halizuii kitu: limbikiza asilimia kutoka kushoto, na jibu ambamo limbikizo linavuka 50 ndilo la kati. Jumla ikiwa 99 au 101 usidhani umesoma vibaya, huenda ni matokeo ya kukadiria. Mstari C, kwa mfano, ukigeuzwa asilimia nzima unakuwa 6, 13, 62, 11 na 9, ambazo jumla yake ni 101.

Sasa mstari B. Malimbikizo ni 17, 22, 24. Wa 24 ni mtu wa mwisho kabisa wa "sina upande", kwa hiyo jibu la kati ni "sina upande". Hesabu ni sahihi. Lakini tazama kisanduku chake: wako wawili. Kundi la watu 47 tumelisemea kwa mdomo wa watu wawili. Mmoja wao angehamia "nakubali", jibu la kati lingehamia naye. Wote wawili wangehamia "nakataa", jibu la kati lingekuwa "nakataa".

Hapo ndipo jibu la kati linapofikia ukomo wake, na ndiyo sababu halitumwi peke yake.

Hatua ya 5: tafuta modi, na usikubali kupewa moja tu

Modi ni jibu lililochaguliwa na watu wengi zaidi. Kwenye jedwali la idadi huhitaji fomula, tafuta kisanduku kikubwa katika mstari. A ni "nakubali" (23), C ni "sina upande" (29), D ni "nakataa kabisa" (19). Chunga jambo moja: modi ni lile neno la kichwani, si 23 wala 29.

B ina modi mbili, "nakataa kabisa" na "nakubali kabisa", kila moja ina watu 17. Programu zinaweza kukuficha hili. `MODE` ya lahajedwali hurudisha thamani moja tu, na ukiipokea bila kuangalia utatangaza kwamba wengi walikataa, au wengi walikubali, kutegemea ni ipi iliyotolewa. Tumia `MODE.MULT`, nayo, kama `MEDIAN`, iwekwe juu ya majibu ya mtu mmoja mmoja. Anayetumia Python anaweza kufanya kila kitu kwa mistari michache:

```python
import statistics as s
idadi = [17, 5, 2, 6, 17]
majibu = [k for k, n in enumerate(idadi, 1) for _ in range(n)]
print(s.median_low(majibu), s.median_high(majibu), s.multimode(majibu))
```

Inatoa `3 3 [1, 5]`. Nimeomba mediani mbili, ya chini na ya juu, makusudi: zikitofautiana, najua katikati imeangukia mpakani. Ona pia kinachosemwa na matokeo hayo yakisomwa pamoja. Jibu la kati liko 3, na modi ziko kwenye ncha zote mbili za ngazi. Ukiona jibu la kati na modi zimesimama mbali namna hii, jua kundi limepasuka.

Usiwe mkali kupita kiasi kuhusu modi, lakini. Kama idadi zingekuwa 17 na 16, kihesabu modi ni moja, na bado kundi lingekuwa limepasuka vilevile. Mtu mmoja asikufanye useme hadithi nyingine.

Hatua ya 6: onyesha mgawanyo wenyewe

Kwa jedwali dogo huhitaji programu ya michoro. Alama moja kwa kila mtu inatosha, na inaingia hata kwenye ujumbe wa simu:

```
B. Muda ulitosha
1 | ################# 17
2 | #####              5
3 | ##                 2
4 | ######             6
5 | ################# 17

C. Vitini vilinisaidia
1 | ###                            3
2 | ######                         6
3 | ############################# 29
4 | #####                          5
5 | ####                           4
```

Hizi ndizo kauli mbili zenye wastani mmoja wa 3.02 na jibu moja la kati. Hakuna mtu atakayezitazama akasema zinafanana. Kwenye B, watu wamejikusanya kwenye ncha mbili na katikati pako karibu patupu. Kwenye C, watu wamejaa katikati, na pengine hawakuvitumia hivyo vitini kiasi cha kuwa na la kusema. La kufanya baada ya hapo ni tofauti pia. B inataka uulize ni akina nani walioona muda mfupi. Huenda ni waliokuwa wageni wa somo, huenda ni waliochelewa kuanza, jedwali halisemi. C inataka uulize kama vitini vilisomwa.

Anayetaka namba ya kuambatanisha na mchoro apewe nusu ya kati ya foleni. Kwa watu 47, robo ya kwanza inaishia kwa mtu wa 12 na robo ya tatu kwa wa 36. Kwenye B, wa 12 amejibu 1 na wa 36 amejibu 5, yaani nusu ya kati imetanda ngazi nzima. Kwenye C wote wawili wamejibu 3.

Ukichora kwa programu, chagua upao mmoja mlalo kwa kila kauli, wenye urefu wa asilimia 100, uliokatwa vipande vitano kwa mpangilio wa hojaji. Vipande vya kukataa vipewe rangi moja, chenye "kabisa" kikiwa kizito zaidi, vya kukubali rangi nyingine, na "sina upande" kijivu. Usipange vipande kwa ukubwa. Ngazi ikivurugwa, mchoro unapoteza ile habari moja tuliyokuwa na hakika nayo. Mchoro wa duara siupendi kwa kazi hii kwa sababu hiyohiyo: unaifanya "nakubali kabisa" iwe jirani wa "nakataa kabisa".

Ukitaka kufupisha, unganisha pande: waliokataa (1 na 2), wasio na upande, waliokubali (4 na 5). Kokotoa kutoka kwenye idadi, usijumlishe asilimia zilizokwisha kukadiriwa. Kwenye C, waliokubali ni 9 kati ya 47, sawa na asilimia 19. Ukijumlisha 11 na 9 za awali unapata 20, na msomaji mwenye jicho atakuuliza ile moja imetoka wapi. Ufupisho huu pia unameza uzito. Kwenye B unaficha kwamba wengi wa walioegemea upande fulani walikwenda mpaka mwisho wake, kwa hiyo pale ningeuacha mchoro wa vipande vitano.

Hatua ya 7: andika jibu kwa maneno ya hojaji

Rudisha maneno, na namba ziyafuate. "Mediani = 4" haimwambii kitu mtu ambaye hana karatasi mbele yake. Na kauli D ielezwe kwa upande wake ilivyoandikwa, bila kuigeuza kimyakimya. Kama aliyekutuma analazimika kujaza wastani kwenye fomu fulani, mpe, ila uweke kando ya mgawanyo, usiuweke badala yake.

Mimi ningemrudishia mwenye picha ujumbe huu:

"Nimeshaisoma picha, na jumla zote zimekubaliana na zilizoandikwa. Mtu mmoja hakujibu D. A: jibu la kati na la wengi ni 'nakubali', waliokubali ni 34 kati ya 47. B: watu wamegawanyika, 22 wamekataa na 23 wamekubali, wawili tu hawana upande, na wengi wako kwenye ncha. Tafadhali usiandike wastani hapa, utaonyesha kwamba watu hawakujali. C: 29 hawana upande, waliokataa ni 9 na waliokubali ni 9. D imeandikwa kwa upande hasi: 34 kati ya 46 wamekataa kwamba mafunzo yaliwachosha, jibu la kati ni 'nakataa' na la wengi ni 'nakataa kabisa'. Michoro ya B na C iko hapa chini. Kama zile karatasi zilizojazwa bado unazo, naomba nione waliojibu 1 kwenye B walijibu nini kwenye A."